Video ya kwaya kwenda YouTube: 1080p ya kawaida, 1080p nzito au 1440p?

Video ninayoichukua kama mfano ina dakika 5. Kwaya ya watu 28 imesimama chini ya miembe nje ya kanisa, saa nne asubuhi. Akina mama wamevaa vitenge vya maua madogo madogo ya njano na bluu, wanayumba kulia na kushoto kwa pamoja, na nyuma yao majani ya miembe yanacheza na upepo. Niliirekodi kwa simu, 1080p, fremu 30 kwa sekunde. Nikaihariri kwa CapCut kwenye simu hiyo hiyo, nikabonyeza Export bila kugusa mpangilio wowote, nikaipakia YouTube.

Kwenye simu ilikuwa safi. Kule YouTube, kila kwaya ilipoanza kuyumba, maua ya vitenge yaliyeyuka yakawa uji wa rangi. Walipotulia mwishoni mwa ubeti, maua yakarudi. Mwalimu wa kwaya alinipigia jioni ile.

"Kijana wangu, hizi sare watu wamechanga miezi mitatu. Mbona hazionekani?"

Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Naomba siku mbili, nitaipandisha upya."

Siku hizo mbili niliitoa video ile ile kwa njia tatu, nikazipakia zote na kuzitazama moja baada ya nyingine. Ninachoandika hapa kimetoka humo, pamoja na kazi nyingine nilizofanya baadaye kwa njia hizo hizo.

Kwa nini vitenge viliyeyuka

Programu inapobana video haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, kisha kwa zinazofuata inaandika tu kilichobadilika na kilikohamia. Mtu akikaa mbele ya ukuta mweupe akiongea, kinachobadilika ni midomo, macho na mikono, ukuta unabaki ulivyo. Data kidogo inatosha. Kwaya yangu ilikuwa kinyume chake kabisa, maana kila ua kwenye kila kitenge linahama na kupinda kwa kila fremu, na kila jani la mwembe nalo linahama kwa njia yake. Data iliyotengwa ikiisha, programu huanza kuacha vitu vidogo vidogo. Maua ya kitenge ni vitu vidogo, kwa hiyo ndiyo yanayoondoka kwanza, na nyuso zinafuata.

Kiasi hicho cha data kinachotengwa kwa kila sekunde ndicho bitireti, na hupimwa kwa megabiti. CapCut ya simu inakiita Code rate.

Sasa kuna jambo la pili ambalo wengi tunaoanza hatulijui. Faili unayopakia YouTube siyo inayotazamwa. YouTube huifungua, kisha hutengeneza nakala zake yenyewe, ya 360p, 480p, 720p, 1080p na kuendelea, na kila moja inabanwa upya. Video yako basi inabanwa mara mbili, mara ya kwanza kwako na mara ya pili kwao. Ubaya ni kwamba ubanaji wa pili hautofautishi kitenge na uchafu ulioachwa na ubanaji wa kwanza. Faili yako ikifika na vigae vidogo vidogo na ukungu kwenye nguo, YouTube inavichukulia kuwa sehemu ya picha, na inatumia data yake chache kuvitunza hivyo vigae. Ndiyo maana faili inayoonekana "nzuri tu" kwenye simu inaweza kutoka mbaya upande wa pili.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, fahamu simu yako ilirekodi kwa bitireti gani, kwa sababu huwezi kutoa zaidi ya ulichonacho. Hesabu ni nyepesi. Chukua ukubwa wa faili asilia kwa megabaiti, zidisha kwa 8, gawa kwa idadi ya sekunde. Faili yangu asilia ilikuwa megabaiti 660 kwa sekunde 310, na hiyo inakuja karibu megabiti 17 kwa sekunde. Namba hiyo 17 iweke kichwani, tutairudia.

Njia ya kwanza: 1080p, megabiti 8

Hiki ndicho kiwango ambacho YouTube yenyewe inakipendekeza kwa video ya 1080p ya fremu 24 hadi 30 kwa sekunde, ikiwa ya rangi za kawaida. Kwa fremu 48 hadi 60 wanapendekeza megabiti 12. Faili iwe MP4, picha ibanwe kwa H.264, sauti kwa AAC ya kilohezi 48.

Video ya dakika 5 inatoka karibu megabaiti 300 kwa picha peke yake. Kwa mtu anayelipia bando, hilo ni jambo kubwa.

Ila rudi kwenye ile 17. Simu ilinipa megabiti 17, nami nimetoa 8. Zaidi ya nusu ya data imetupwa kabla YouTube haijagusa chochote. Kwa mwalimu anayefundisha mbele ya ubao, hasara hiyo haionekani, kwa sababu hata 8 ni nyingi kwa picha tulivu. Nimetoa mahubiri ya dakika 40 kwa njia hii na sijaona sababu ya kuongeza. Kwenye kwaya ilionekana mara moja, pale pale wanapoyumba, ingawa ilikuwa nafuu kuliko ile ya kwanza niliyoitoa bila kuangalia mpangilio. Nilipokwenda kuikagua ile ya kwanza kwa hesabu ya ukubwa na sekunde, nilikuta imetoka chini ya megabiti 6.

Njia ya pili: 1080p, megabiti 20

Picha ni ile ile, pikseli ni zile zile 1920 kwa 1080, lakini faili ni nzito. Dakika 5 ni megabaiti 750. Nilichagua 20 kwa sababu iko juu kidogo tu ya 17 ya simu, ili ubanaji wangu usipoteze kitu kinachoonekana kwa jicho. Kuna watu wanasukuma hadi 50 wakidhani wanaongeza ubora. Kama chanzo ni 17, unachoongeza pale ni uzito wa faili na muda wa kupakia.

Nilipoifungua faili hii kwenye laptopu kabla ya kuipakia, sikuweza kuitofautisha na video asilia hata nilipoisimamisha katikati ya kuyumba. Hapo nilifurahi nikadhani kazi imeisha.

Kule YouTube ilikuwa bora kuliko ya megabiti 8, lakini si kwa tofauti niliyoitegemea. Nyuso zilisafika. Vitenge viliendelea kulainika kila kwaya ilipoyumba. Sababu yake niliipata nilipoangalia YouTube imetumia kodeki gani, yaani mbinu gani ya kubana, kwenye nakala yake ya 1080p.

Hili unaweza kulitazama mwenyewe. Fungua video kwenye kompyuta, bofya juu ya picha kwa kitufe cha kulia cha panya, chagua Stats for nerds. Kisanduku kitatokea juu kushoto. Tafuta mstari ulioandikwa Codecs. Ukianza na `avc1`, unatazama nakala ya H.264. Ukianza na `vp09`, unatazama VP9. Ukiona `av01`, hiyo ni AV1.

Yangu ilisema `avc1`. H.264 ni ya mwaka 2003, VP9 ilikuja miaka kumi baadaye na inabana vizuri zaidi, kwa hiyo kwa data ile ile inabakiza maua mengi zaidi kwenye kitenge. Chaneli ndogo inapopakia 1080p, mara nyingi nakala inayopewa ni `avc1`. Megabiti 20 zangu zilifika salama mlangoni, kisha zikabanwa kwa mbinu ya zamani kwa kiwango anachokiamua YouTube, si mimi. Kuongeza bitireti upande wangu kusingebadilisha hilo.

Njia ya tatu: 1440p, megabiti 24

Hapa unaichukua ile ile video ya 1080p na kuitoa ikiwa na pikseli 2560 kwa 1440. Niseme wazi, haiongezi chochote kwenye picha. Ua ambalo kamera haikulinasa halitazaliwa kwa sababu umeandika 1440. Programu inatandaza tu pikseli zilizopo kwenye eneo kubwa zaidi.

Faida iko kwa YouTube. Nakala zake za H.264 zinaishia 1080p, na chochote kilicho juu ya hapo hukitengeneza kwa kodeki mpya. Kwa hiyo ukipakia 1440p, YouTube inalazimika kuitengenezea VP9, na ikishafanya hivyo inatengeneza VP9 kwa ngazi za chini pia. Mtu anayetazama kwa 1080p naye anapata `vp09`, wala hahitaji kuchagua 1440p ili anufaike.

Kiwango kinachopendekezwa na YouTube kwa 1440p ya fremu 24 hadi 30 ni megabiti 16. Kwa mtu anayeongea ningetosheka na hizo 16. Kwa vitenge na majani niliweka 24, kwa sababu 1440p ina pikseli karibu mara 1.8 ya 1080p, na sikutaka ubanaji wangu wa kwanza uwe ndio unaokula maua. Dakika 5 ni megabaiti 900.

Matokeo, nikitazama zote tatu kwa 1080p kwenye skrini moja: hii ya tatu ndiyo pekee ambayo maua ya vitenge yalibaki maua wakati kwaya inayumba. Si makali kama faili asilia, lakini unayatambua. Majani ya mwembe nyuma yalikuwa bado laini, na hilo silijali, maana hakuna aliyechangia majani.

Hebu ziwekwe pamoja, kwa video ya dakika 5 na mtandao unaopandisha megabiti 4 kwa sekunde. Sauti itaongeza kama megabaiti 15 hivi juu ya kila moja, kutegemea mpangilio wako.

| Njia | Ukubwa wa faili | Muda wa kupakia | Vitenge vikiyumba |
|---|---|---|---|
| 1080p, megabiti 8 | MB 300 | dakika 10 | vinayeyuka |
| 1080p, megabiti 20 | MB 750 | dakika 25 | vinalainika |
| 1440p, megabiti 24 | MB 900 | dakika 30 | vinatambulika |

Angalia tofauti ya mstari wa pili na wa tatu. Ni megabaiti 150 na dakika 5 tu. Ukishakuwa tayari kulipia 1080p nzito, sioni sababu ya kuishia hapo, nenda 1440p. Kwangu mimi uchaguzi halisi umebaki kati ya ya kwanza na ya tatu, na unaamuliwa na kilichomo kwenye picha: je, kuna vitu vidogo vingi vinavyotembea kwa wakati mmoja? Ngoma, kwaya, mvua, vumbi la uwanjani, mawimbi, umati wa harusini ukicheza, hizo zote ninatoa 1440p. Mahubiri, somo, mahojiano, mapishi ambayo kamera imesimama mahali pamoja, 1080p ya megabiti 8, na nalala usingizi.

Jambo moja linaweza kugeuza uamuzi huo. Kama unajua watazamaji wako karibu wote wanatazama kwa 360p kwenye simu ili kuokoa bando, faida ya njia ya tatu inapungua sana, kwa sababu kwa ukubwa ule maua ya kitenge hayana pikseli za kukaa. Kwaya yetu ina ndugu nje ya nchi wanaoitazama kwenye runinga sebuleni, na kwao uji wa rangi unaonekana kwa ukubwa wa mita moja. Ndiyo maana sikusita.

Na hesabu hii ya 1440p ni ya YouTube. Kwa kipande kifupi cha wima cha Instagram, toa 1080 kwa 1920 uishie hapo.

Jaribu sekunde 20 kwanza

Kupakia megabaiti 900 kisha kugundua umekosea kunauma, hasa kwa bando la kununua. Na YouTube hairuhusu kubadilisha faili chini ya kiungo kile kile. Ukitaka kuweka nyingine ni video mpya, kiungo kipya, na watazamaji na maoni ya ile ya kwanza hayahami. Mimi nilipoteza maoni ya waumini wengi kwa njia hiyo.

Kwa hiyo tafuta sekunde 20 ngumu kuliko zote kwenye video yako. Usichukue mwanzo, kwa sababu mwanzo mara nyingi ni jina la wimbo na watu wametulia. Kwangu ilikuwa kiitikio cha mwisho, kwaya nzima inayumba na kamera inasogea. Toa sekunde hizo kwa mipangilio mitatu. Zitakuja karibu megabaiti 20, 50 na 60, jumla 130, yaani chini ya nusu ya video nzima kwa njia nyepesi kuliko zote.

Zipakie ukiwa umeweka Private, ili asizione mtu. Kisha subiri. Hapa wengi wanakosea. YouTube hutengeneza nakala ndogo kwanza, na kwa muda fulani baada ya kupakia utaona picha ya ukungu ya 360p tu. Ukihukumu wakati huo utadhani mipangilio yako imeharibika. Bonyeza gurudumu la mipangilio kwenye video, fungua Quality, uone ngazi zilizopo. Ya 1440p ikishatokea kwenye orodha, VP9 imekwisha tengenezwa. Video fupi haichukui muda, ile ya dakika 5 inaweza kuchukua saa kadhaa.

Ukizilinganisha, zote ziweke 1080p kwa mkono kwenye Quality, usiache Auto, kwa sababu Auto itabadilika na mtandao na utakuwa unalinganisha vitu viwili tofauti. Simamisha zote kwenye fremu ile ile, katikati ya mwendo. Tazama nguo, kisha nywele, kisha mpaka kati ya mkono na kilicho nyuma yake. Halafu fungua Stats for nerds uhakikishe kodeki. Kama ile ya tatu bado inaonyesha `avc1`, ama 1440p haijakamilika, ama faili uliyopakia haikuwa 1440p kweli. Hilo la pili hutokea ukisahau kubadilisha ukubwa kabla ya kutoa.

Kwenye simu na kwenye laptopu

CapCut ya simu inaficha mipangilio hii pembeni ya kitufe cha kutolea, juu kulia, pameandikwa 1080P. Ukigusa pale unapata Resolution, Frame rate na Code rate. Kwa njia ya tatu chagua 2K kwenye Resolution, ambayo ndiyo 1440p. Frame rate acha ile uliyorekodia. Code rate ndicho kitelezi cha bitireti, na kitakuonyesha chini yake makadirio ya ukubwa wa faili. Tumia makadirio hayo kujikagua. Kama unatoa dakika 5 kwa megabiti 24 na inakuambia megabaiti 400, kuna kitu hakijakaa sawa.

DaVinci Resolve kwenye laptopu inakupa udhibiti zaidi. Kwenye ukurasa wa Deliver, Format iwe MP4, Codec H.264, Resolution 2560 kwa 1440, na kwenye Quality chagua Restrict to kisha andika 24000, maana pale wanahesabu kwa kilobiti. Toleo la bure linatosha kabisa kwa kazi hii, linafika hadi 3840 kwa 2160. Kitu kimoja cha kuangalia kabla hujaanza kuhariri ni idadi ya fremu za taimlaini. Ukishaweka klipu, Resolve haikuruhusu kuibadilisha, na ukihariri video ya fremu 30 kwenye taimlaini ya 24, kwaya itayumba kwa kushtukashtuka.

Hilo la fremu linahitaji neno zaidi. Ulichorekodi kwa 30 kitoe kwa 30, cha 25 kitoe kwa 25. Kuchagua 60 kwa sababu ni namba kubwa hakuleti ulaini, programu inarudia tu fremu zilizopo ili kujaza nafasi. Na simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo ulio sawa kabisa, hupunguza na kuongeza kidogo kutokana na mwanga. Dalili yake ni midomo kuanza sawa na sauti, kisha kuachana nayo kadiri wimbo unavyosonga. Ukiona hivyo kwenye laptopu, pitisha kwanza klipu asilia kwenye HandBrake ukiwa umechagua Constant Framerate, ndipo uihariri.

Kati ya simu na laptopu kuna mtego mwingine, na umeharibu kazi nyingi kuliko mipangilio yote mibaya niliyoitaja: watu wanatumiana video kwa WhatsApp. Ikitumwa kama video ya kawaida, WhatsApp inaibana sana, na hiyo inakuwa bana ya kwanza kati ya tatu. Hakuna 1440p itakayoirudisha. Itume kama Document, hapo inakwenda jinsi ilivyo hadi gigabaiti 2, au tumia waya wa chaji. Ukitaka kujua kama ulichotumiwa kimepitia huko, rudia ile hesabu ya ukubwa mara 8 gawa kwa sekunde. Niliwahi kuletewa klipu ya harusi iliyokuja megabiti 2. Nilimwambia mwenye kazi ukweli mapema, arudi kwa aliyerekodi atafute asilia, na bahati nzuri ilikuwa bado ipo kwenye memori kadi.

Kama bando halitoshi kwa megabaiti 900

Kuna njia ya katikati ambayo ninaitumia siku ambazo mtandao wa nyumbani hauendi. Toa 1440p ile ile kwa kodeki ya H.265, ambayo pia huitwa HEVC, kwa megabiti 14. YouTube inaipokea. H.265 inahitaji data pungufu kwa ubora unaokaribiana, na dakika 5 zinakuja karibu megabaiti 525. Tofauti yake na ile ya H.264 ya megabiti 24, baada ya kupita YouTube, sikuiona kwenye kwaya yangu. Gharama ni muda wa kutoa, kwani simu ya zamani inapata joto na inachukua muda mrefu zaidi, na faili hiyo ukimpa mtu mwenye laptopu ya miaka mingi huenda ikakwamakwama ikichezwa. Kwa hiyo nakala ya kanisa ya kuhifadhi ninaiacha H.264.

Na kama umekwisha toa 1080p nzito, mradi umefutika, na unaitaka 1440p, unaweza kuitandaza bila kuhariri upya kwa FFmpeg, programu ya bure ya kompyuta inayoendeshwa kwa kuandika amri:

```
ffmpeg -i kwaya.mp4 -vf scale=2560:1440:flags=lanczos -c:v libx264 -preset slow -crf 16 -pix_fmt yuv420p -c:a copy -movflags +faststart kwaya1440.mp4
```

Hapo bitireti haikuwekwa kwa namba. `-crf 16` inaiambia programu itunze ubora wa juu na itumie data kadiri picha inavyodai, kwa hiyo kwaya itatoka nzito na mahubiri yatatoka mepesi. Sauti inanakiliwa bila kuguswa. Njia hii ifanye tu kama faili uliyonayo ni safi, ya megabiti 15 au zaidi. Ukiitandaza ile ya megabiti 6, utapata uji ule ule kwa ukubwa wa 1440.

Video ya kwaya niliipakia upya usiku, kwa 1440p ya megabiti 24, ikiwa Private. Saa kumi na mbili asubuhi nilifungua Quality nikakuta 1440p ipo, nikaenda moja kwa moja kwenye kiitikio cha mwisho, nikasimamisha. Kisha nikaibadilisha kuwa Public na kumtumia mwalimu kiungo. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake nilisikia wimbo ukiwa tayari umefika ubeti wa pili.